Ukipata 65 kwenye kwizi, mradi unahitaji ngapi?

Kila kozi ya mtandaoni inapokaribia ukingoni, kuna mtu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, atakayeniletea simu yake niangalie alama zake. Swali ni lile lile: cheti nitakipata au sitakipata? Safari hii aliyekuja ni binamu yangu, binti wa shangazi, ambaye anafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha karibu na mpaka. Alikuwa amemaliza kwizi zote za kozi ya kuchambua data kwa Excel, na kilichobaki ni mradi wa mwisho.

Nilimwomba kwanza anionyeshe kanuni ya cheti, si alama. Ilikuwa kwenye ukurasa wa utangulizi, mistari miwili ambayo wanafunzi wengi huipita mbio wakiwahi somo la kwanza. Kanuni ilisema hivi: kwizi zina uzito wa asilimia 40 na mradi una uzito wa asilimia 60. Ili kupata cheti, mwanafunzi awe na wastani wa asilimia 60 au zaidi kwenye kwizi, asilimia 60 au zaidi kwenye mradi, na asilimia 70 au zaidi kwa jumla.

Masharti ni matatu, na watu wengi wanaona mawili tu. Wanaona 60 ya kwizi na 60 ya mradi, wanajiambia kazi imekwisha. Lakini aliyepata 60 kwenye kwizi na 60 kwenye mradi ana 24 kutoka kwenye kwizi na 36 kutoka kwenye mradi, jumla 60. Ametimiza viwango vyote viwili vya chini na bado cheti hana. Sharti la tatu ndilo linalouma, na ndilo linaloamua mradi unahitaji alama ngapi.

Kiwango cha chini na uzito ni vitu viwili tofauti, na inafaa vitenganishwe mapema. Kiwango cha chini ni kama lango la mpakani: ama umepita, ama umebaki nje, na ukizidisha hakikuongezei kitu. Uzito wenyewe unahesabu kila alama, ya chini na ya juu. Mwenye 61 kwenye kwizi na mwenye 95 wote wamevuka kiwango cha chini sawasawa, lakini kwenye jumla mmoja ana 24.4 na mwenzake ana 38, na tofauti hiyo lazima ilipwe na mradi. Wenye watoto sekondari wameshaanza kuzoea hesabu za namna hii, kwa kuwa mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne hapa Uganda unaipa tathmini endelevu ya shuleni asilimia 20 na mtihani wa mwisho asilimia 80.

Binamu yangu alikuwa amefanya kwizi tano, kila moja ya alama 20. Alipata 16, 12, 10, 14 na 13. Jumla 65 kati ya 100, kwa hiyo wastani wake ni asilimia 65. Akanifungulia ukurasa wa alama, akanionyesha mstari wa chini kabisa, na pale palikuwa pameandikwa 65.

“Kaka, si unaona? Wanataka 70, mimi nina 65. Nimebakiza tano tu.”

Hapo ndipo nilipovuta kiti nikakaa, kwa sababu hilo si kosa lake. Ni jinsi ukurasa ulivyopangwa. Kozi hii inaendeshwa kwa Moodle, programu ile ile iliyo nyuma ya MUELE, mfumo wa masomo ya mtandaoni wa Chuo Kikuu cha Makerere, na kozi nyingine nyingi za vyuo vya kwetu. Kwenye daftari la alama la Moodle kuna mpangilio unaoitwa `Exclude empty grades`. Ukiwa umewashwa, na kwa kawaida huwa umewashwa, kazi ambayo haijasahihishwa haiingizwi kwenye hesabu kabisa. Kwa hiyo mradi ambao hajaukabidhi unaachwa kando, kwizi zinahesabiwa kana kwamba ndiyo kozi nzima, na jumla inasoma 65. Mwalimu akiuzima mpangilio huo, mradi ambao haupo unahesabiwa kuwa sifuri, na mstari ule ule wa jumla unasoma 26. Mwanafunzi ni yule yule na majibu ni yale yale, lakini namba moja inamtuliza kupita kiasi na nyingine inamkatisha tamaa. Hakuna kati ya hizo mbili inayojibu swali lake.

Namna ya kutambua ni rahisi. Chukua wastani wako wa kwizi, uzidishe kwa uzito wake. Kwa binamu yangu, 65 mara 0.4 ni 26. Kama jumla kwenye skrini ni 26, mradi unahesabiwa kama sifuri. Kama jumla ni sawa na wastani wa kwizi wenyewe, mradi bado haujaingizwa. Ukishajua uko wapi, iache namba ya skrini na upige hesabu yako mwenyewe.

Hesabu yenyewe ni fupi. Unatoa alama ulizokwisha kuzipata kwenye ile 70 inayotakiwa, kisha unagawa kwa uzito wa mradi:

```
M = (70 - 0.4 * Q) / 0.6
```

Q ni wastani wa kwizi kwa asilimia, M ni asilimia ya chini unayohitaji kwenye mradi. Kwa Q ya 65, unatoa 26 kwenye 70, inabaki 44, na 44 gawa kwa 0.6 ni 73.33. Kwa hiyo “tano tu” za binamu yangu kwa kweli ni asilimia 73.33 ya mradi mzima. Akanyamaza kidogo, akaandika 73 kwenye daftari lake na kuizungushia duara.

Nilimwambia hiyo 73 aifute, kwa sababu kwenye mradi wake hakuna njia ya kupata asilimia 73. Mradi unasahihishwa kwa vigezo vitano, kila kimoja kina alama 5, zote nzima, hakuna nusu. Jumla ni 25. Kila alama moja ni asilimia 4 ya mradi. Msahihishaji anaweza kumpa 18, ambayo ni asilimia 72, au 19, ambayo ni asilimia 76. Katikati hapana kitu. Akipata 18, mradi unamletea 43.2, ukijumlisha 26 unapata 69.2, na cheti kimekwenda. Akipata 19, mradi unaleta 45.6 na jumla ni 71.6. Kwa hiyo mahitaji yake halisi si 73.33. Ni alama 19 kati ya 25.

Jambo hili ndilo lililonifanya niandike makala, maana sijaona mtu akilieleza kwa wanafunzi. Kozi inatangaza asilimia, lakini msahihishaji anatoa alama nzima, na baina ya hizo mbili kuna ngazi. Alama moja ya mradi ni asilimia 4 ya mradi, na asilimia 4 ya mradi ni 2.4 kwenye jumla. Kwizi zenye uzito wa asilimia 40 zinahitaji kupanda kwa 6 ili kuleta 2.4 ile ile. Kwa hiyo kila unapopandisha wastani wa kwizi kwa 6, mradi unakupunguzia alama moja. Lakini haipungui kidogo kidogo. Inapungua kwa mpigo, kwenye namba maalumu.

Tulizitafuta namba hizo pamoja. Mwenye wastani wa kwizi wa 60 kamili anahitaji alama 20 za mradi. Kuanzia 61 anahitaji 19, na inabaki 19 mpaka afike 67, ambapo inashuka kuwa 18. Ikifika 73 inakuwa 17. Ikifika 79 inakuwa 16. Ikifika 85 inakuwa 15, na hapo ngazi imeisha, kwa sababu 15 kati ya 25 ni asilimia 60, kiwango cha chini cha mradi wenyewe. Mwenye 85 na mwenye 100 kwenye kwizi wote wanahitaji 15. Alama zote za kwizi zinazozidi 85 haziwezi kumpunguzia mtu kazi ya mradi hata kidogo.

Ukitaka kompyuta ikufanyie, weka wastani wa kwizi kwenye seli B2 na uandike hivi:

```
=MAX(15,ROUNDUP((7000-40*B2)/240,0))
```

Nimeiandika kwa namba nzima kwa makusudi. Nimezidisha kila kitu mara 100 ili desimali ziondoke: 70 imekuwa 7000, 0.4 imekuwa 40, na 240 ni 60 ya uzito mara 4, ile asilimia 4 ya kila alama. Kompyuta haihifadhi desimali kama 0.4 kwa ukamilifu, na pale jibu linapoangukia juu ya mstari hasa, kipande kidogo mno kinaweza kulisukuma `ROUNDUP` kwenda namba ya juu. Kwa namba nzima, Q ya 73 inatoa 4080 gawa kwa 240, sawasawa na 17, bila shaka yoyote. Ile `MAX(15,...)` inalinda kiwango cha chini cha mradi. Kozi yako ikiwa na uzito mwingine au vigezo vyenye alama nyingine, badilisha namba, mpangilio unabaki huo huo.

Sasa tazama alipo binamu yangu: 65. Yuko ndani ya ngazi ya 61 hadi 67, na amebakiza 2 tu kufika ngazi inayofuata. Alama mbili kwenye kwizi moja zingempunguzia mradi kutoka 19 hadi 18. Swali likahama. Halikuwa tena “mradi nipate ngapi?” Lilikuwa “kuna kwizi ninayoweza kuirudia?”

Zilikuwepo mbili. Kozi inaruhusu kila kwizi kufanywa mara mbili, na alikuwa amemaliza nafasi zote isipokuwa kwizi ya pili, aliyopata 12, na ya tatu, aliyopata 10. Ya tatu ilikuwa ya kutafuta na kulinganisha data baina ya karatasi mbili, na aliifanya kazini huku madereva wakimsubiri dirishani na nyaraka zao. Hiyo ndiyo iliyokuwa na nafasi kubwa ya kupanda.

Kabla hajagusa kitufe cha kurudia, nilimwambia tuangalie kozi inachukua jaribio lipi. Moodle inampa mwalimu chaguo nne kwenye `Grading method`: `Highest grade`, `Average grade`, `First attempt` na `Last attempt`. Chaguo hilo linabadilisha hesabu yote. Tuseme anarudia kwizi ya tatu na kupata 18. Kama kozi inachukua alama ya juu, 10 inakuwa 18, jumla ya kwizi inapanda kutoka 65 hadi 73, na mradi unashuka kutoka 19 hadi 17. Kama inachukua wastani wa majaribio, 10 na 18 zinatoa 14, jumla inakuwa 69, na mradi unashuka hadi 18 tu. Kama inachukua jaribio la kwanza, anapoteza jioni nzima na bando bure. Na kama inachukua la mwisho, akipata 7 safari hii anashuka hadi 62. Bado angehitaji 19, lakini angekuwa amejisogeza karibu kabisa na ukingo wa 60. Ukurasa wa kwizi wenyewe mara nyingi unaandika njia ya kuhesabu, juu ya orodha ya majaribio yaliyopita. Yake ilisema `Highest grade`. Hapo kurudia hakuna hasara, isipokuwa muda.

Alirudia baada ya kusoma upya sehemu ya `VLOOKUP`, fomula ya kutafuta data, na kuifanyia mazoezi kwenye faili lake mwenyewe. Akapata 18. Jumla ya kwizi ikawa 73.

Hapo akapata moto. Alitaka kurudia kwizi ya pili usiku huo huo. Tukarudi kwenye ngazi. Kutoka 73, ngazi inayofuata iko 79. Anahitaji alama 6 zaidi, na zote zitoke kwenye kwizi ya pili, yaani 12 iwe 18. Akipata 17, jumla inakuwa 78 na mradi bado ni 17. Angefanya kazi kubwa, namba ya kwizi ingependeza, na mradi usingepungua hata alama moja. Nilimwachia aamue. Aliamua zile saa mbili za jioni azipeleke kwenye mradi, nami naona aliamua vizuri: kwenye mradi kila alama inahesabika papo hapo, wakati kwenye kwizi alipaswa kupata sita nzima au asipate kitu.

Ila 73 na 17 zina tatizo lao. Zinatoa 70 kamili: 29.2 kutoka kwenye kwizi, 40.8 kutoka kwenye mradi. Mtu akikaa juu ya mstari namna hiyo, maneno mawili ya kanuni yanaweza kumpa cheti au kumnyima. “Asilimia 70 au zaidi” inampa. “Zaidi ya asilimia 70” inamnyima. Kanuni yake ilisema “au zaidi”, tukaisoma mara mbili ili tuwe na hakika. Na kuna suala la namba zinazoonyeshwa. Mwalimu anaweza kupanga daftari la alama lionyeshe namba bila desimali, kwa hiyo mwenye 69.6 anaona 70 kwenye skrini yake, lakini mfumo nyuma ya pazia unalinganisha 69.6 ile ile na kiwango kinachotakiwa. Mwanafunzi anaona 70, cheti hakitoki, anadhani mtandao umekwama. Ukikutana na hali hiyo, usianze kwa kulalamikia mtandao. Jumlisha mwenyewe ukitumia alama za kila kazi, sio mstari wa jumla.

Kwa hiyo tulikubaliana 17 iwe sakafu, na lengo liwe 19. Alama mbili za ziada si za kujivunia. Ni kwa sababu mradi, tofauti na kwizi, unasahihishwa na binadamu. Kwenye kozi yake ni mwalimu msaidizi mmoja. Kwenye kozi nyingine ni wanafunzi wenzako watatu au zaidi, na hapo ujue kama wanachukua wastani au alama ya katikati. Kigezo kikipewa 0, 4 na 4, wastani ni 2.67 lakini alama ya katikati ni 4. Msahihishaji mmoja aliyeshindwa kufungua faili lako anaweza kukuangusha kwenye njia ya kwanza, na kwenye ya pili asikuguse.

Vigezo vyake vitano vilikuwa kusafisha data, fomula, jedwali la muhtasari la `PivotTable`, chati, na ripoti ya ukurasa mmoja. Data ilikuwa kumbukumbu za mizigo ya miezi mitatu, ambayo kwa ruhusa ya bosi wake aliitoa majina ya wateja na namba za magari kabla ya kuitumia. Nilimwomba ajipe alama mwenyewe kwa kila kigezo, kwa ukali, akisoma maelezo ya kila ngazi na siyo kukisia. Alijipa 3 kwenye kusafisha, 4 kwenye fomula, 4 kwenye `PivotTable`, 3 kwenye chati na 2 kwenye ripoti. Jumla 16. Yaani kama angekabidhi siku ile, kwa hesabu yake mwenyewe angepungukiwa na alama moja.

Basi tukaanza kutafuta alama zilizo rahisi kupatikana. Kwenye kusafisha data, maelezo ya alama 5 yalisema tarehe zote ziwe katika mfumo mmoja unaotambulika. Kwa macho zilionekana sawa. Lakini kwenye safu tupu pembeni aliandika `=ISNUMBER(A2)` akaivuta mpaka chini, na zikatokea `FALSE` nyingi. Excel huhifadhi tarehe ya kweli kama namba, kwa hiyo `FALSE` maana yake ni kwamba hiyo ni maandishi tu yanayofanana na tarehe. Zilikuwa ni zile zilizonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu, nyingine zikiwa na nafasi mwishoni. Alizitengeneza kwa `Text to Columns`, akichagua mpangilio wa siku, mwezi, mwaka, ili tarehe 3 Aprili isije ikageuka 4 Machi. Hiyo ilimpandisha kutoka 3 hadi 5.

Marekebisho hayo yakaleta jambo jingine. `PivotTable` yake ilikuwa bado inaonyesha jumla za zamani, kwa sababu kwenye matoleo mengi ya Excel haijisasishi yenyewe data inapobadilika, mpaka ubonyeze `Refresh`. Angekabidhi vile, jumla ya kila mwezi kwenye `PivotTable` ingepingana na jumla za fomula zake kwenye karatasi ya pili, na msahihishaji makini angekata alama kwenye vigezo viwili kwa kosa moja. Akabonyeza, akalinganisha jumla mbili, zikalingana.

Chati aliiacha kwenye 3. Ilikuwa sahihi, haikuwa nzuri, na kuifikisha 5 kungetaka mambo ambayo hajayazoea. Kwenye ripoti, maelezo ya alama 3 yalidai hitimisho lenye namba kutoka kwenye data. Aliongeza aya moja inayoeleza ni mwezi upi mizigo ilichelewa zaidi na kwa siku ngapi kwa wastani. Sasa alikuwa na 5, 4, 4, 3 na 3, jumla 19. Msahihishaji akimkatalia alama mbili popote, bado yuko kwenye 17.

Kilichobaki ni tarehe ya mwisho, na hapa nasisitiza kwa kila mtu ninayemsaidia. Kanuni ilisema kazi iliyochelewa “itapunguziwa asilimia 10”. Haikusema asilimia 10 ya nini. Ikiwa ni sehemu ya kumi ya alama ulizopata, 19 inakuwa 17.1 na bado unapita kwa jumla ya 70.24, lakini 18 inakuwa 16.2 na unaanguka kwenye 68.08. Ikiwa ni asilimia 10 ya alama zote 25, unakatwa 2.5 nzima: 19 inakuwa 16.5, jumla 68.8, umeanguka, na sasa unahitaji 20. Binamu yangu alimwandikia mwalimu: “Mwalimu, shikamoo. Naomba kuuliza, ile asilimia 10 ya kuchelewa inakatwa kwenye alama nilizopata au kwenye alama zote za mradi?” Jibu lilikuja kesho yake: kwenye alama zote. Maana yake ni kwamba akichelewa hata kwa saa moja, 19 yake haitoshi.

Wapo waliomwambia asijali, kwani mradi ukikataliwa unaweza kuukabidhi tena. Ni kweli, kozi inaruhusu. Lakini kanuni inasema mradi uliokabidhiwa mara ya pili haupewi zaidi ya asilimia 60, hata ukiwa bora kuliko wote. Asilimia 60 ya mradi ni 36 kwenye jumla. Ukiongeza 29.2 zake za kwizi unapata 65.2. Ili nafasi ya pili impe cheti, kwizi zake zingepaswa kuwa 85. Nafasi ya kwizi ya pili bado alikuwa nayo, ila hata angepata 20 kati ya 20, jumla ya kwizi ingekuwa 81, sawa na 32.4, na jumla kuu ingekuwa 68.4. Kwake, nafasi ya pili ya mradi ipo kwenye karatasi tu. Kwa hiyo alikabidhi siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, asubuhi umeme ukiwepo, kisha akalipakua upya faili lile lile kutoka kwenye ukurasa wa kozi na kulifungua, kuhakikisha kwamba lililofika ni lile lenye `PivotTable` iliyosasishwa.

Alama zilirudi: 5, 4, 4, 3 na 2. Msahihishaji alikata moja kwenye ripoti kwa kuwa haikueleza sababu ya ucheleweshaji. Jumla 18 kati ya 25, sawa na asilimia 72, ambayo ni 43.2. Ukiongeza 29.2 ni 72.4, na cheti kilitoka. Kwa zile 65 za mwanzo, 18 hiyo hiyo ingempa 69.2.